Shabunda: Pampelemusi na dawa za moyo, kwa nini kutenganisha saa hakutoshi

Katika wilaya ya Shabunda, mkoani Kivu Kusini, mgonjwa wa tansio hana uhakika kwamba kidonge alichopewa mwezi huu ndicho atakachokipata mwezi ujao. Barabara ya kutoka Bukavu imeharibika kwa miaka mingi, bidhaa nyingi hufika kwa ndege ndogo, na stoku ya dawa ikimalizika, muuzaji hutoa kile kilichobaki kwenye rafu. Mara nyingi ubadilishaji huo hauna madhara, kwa sababu dawa mbili za majina tofauti zinaweza kufanya kazi moja. Lakini kuna jambo moja ambalo hubadilika pamoja na kidonge bila mgonjwa kuambiwa: namna dawa mpya inavyopatana na tunda la pampelemusi, lile ambalo vitabu vya shule huliita balungi.

Kuna vidonge vya moyo ambavyo mtu anaweza kuvimeza na kula pampelemusi kila siku bila shida. Vipo vingine ambavyo glasi moja tu ya maji ya tunda hilo huvifanya viingie kwenye damu mara tatu au zaidi ya kipimo alichoandika daktari. Mgonjwa haoni tofauti yoyote kwa macho. Kidonge ni kimoja, saa ya kumeza ni ileile, lakini mwili unapokea kana kwamba amemeza vidonge vitatu.

Jambo hili lilianza kuwashughulisha watu kwa sababu ya kuenea kwa ushauri wa kunywa maji ya ndimu, malimau au pampelemusi ili kushusha tansio. Anayefuata ushauri huo mara nyingi ndiye huyohuyo anayemeza vidonge. Kwa hiyo tunda na dawa hukutana katika tumbo moja, asubuhi baada ya asubuhi.

Jinsi ilivyogunduliwa

Habari hii ilipatikana kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti David Bailey na wenzake katika mji wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, walikuwa wakichunguza kama pombe inazidisha nguvu ya felodipini, dawa ya kushusha tansio. Walitaka washiriki wasijue ni siku gani wamepewa pombe na ni siku gani hawakupewa. Ili kuficha ladha ya pombe, waliichanganya na juisi ya pampelemusi, na siku nyingine wakatoa juisi hiyo peke yake.

Walipopima damu walikuta kiasi cha felodipini kikubwa kuliko kilichojulikana katika utafiti wa awali. Cha ajabu, kilikuwa kikubwa hata siku ambazo hapakuwa na pombe. Bailey alijaribu kwa mwili wake mwenyewe: siku moja alimeza dawa kwa maji, siku nyingine kwa juisi ya pampelemusi. Kwa juisi, dawa iliyokuwa katika damu yake ilikuwa takriban mara tano ya ile ya siku ya maji. Pombe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la juisi iliyotumiwa kuificha.

Mwaka 1991 kundi hilo lilichapisha matokeo ya wanaume 6 waliokuwa na tansio ya juu kidogo. Kwa wastani, felodipini iliyofika katika damu kwa juisi ya pampelemusi ilikuwa asilimia 284 ya ile iliyofika kwa maji, yaani karibu mara tatu. Juisi ya machungwa matamu haikubadilisha kitu. Katika watu hao 6, mmoja alipanda hadi asilimia 164 tu, na mwingine akafika 469. Juisi ilikuwa ileile na kidonge kilekile, lakini miili haikuitikia kwa kiasi kimoja.

Mlinzi anayekaa ukutani mwa utumbo

Watu wengi wakisikia habari hii huambiwa kwamba pampelemusi linazuia kazi ya ini. Ni kweli kwa sehemu, kwa maana kimeng'enya kinachozuiwa, kiitwacho CYP3A4, kinapatikana pia katika ini na kazi yake ni kuvunjavunja dawa. Lakini kwa kiasi cha kawaida cha juisi, tukio kubwa hutokea kabla dawa haijafika kwenye ini. Hutokea katika ukuta wa utumbo mwembamba.

Dawa iliyomezwa hupita kwanza utumboni. Katika seli za ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya hicho, nacho hufanya kazi kama mlinzi wa mlango: sehemu ya dawa huikata hapohapo, sehemu inayobaki huiachia iendelee kuelekea kwenye ini, na kutoka huko iingie katika damu ya mwili mzima. Watengenezaji wa dawa wanajua kwamba sehemu fulani itapotea njiani, na kipimo kilichoandikwa kwenye boksi kimepangwa kwa kuhesabu upotevu huo.

Ndani ya pampelemusi kuna vitu vya asili vinavyoitwa furanokumarini. Kimojawapo ni bergamotini. Vitu hivyo vikifika katika ukuta wa utumbo hushikana na kimeng'enya na kukiharibu kabisa. Hakilali kwa muda kikaamka baadaye. Kimekufa, na utumbo unalazimika kutengeneza kingine. Mwaka 1997 watafiti walichapisha utafiti wa wanaume 10 wenye afya waliokunywa juisi hiyo mara tatu kwa siku kwa siku 6. Kimeng'enya katika utumbo wao mwembamba kilikuwa kimepungua kwa asilimia 62, wakati kazi ya ini haikuonyesha mabadiliko.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kutenganisha saa hakutoshi. Mtu anaweza kufikiri kwamba akinywa juisi asubuhi na kumeza kidonge usiku, viwili hivyo havitakutana. Ni kweli havikutani, lakini havihitaji kukutana. Juisi ilikwisha kumwondoa mlinzi mlangoni asubuhi, na usiku kidonge kinakuta mlango wazi. Katika majaribio ya felodipini, juisi iliyonywewa muda wa saa 10 kabla ya kidonge bado ilikuwa na karibu nusu ya nguvu yake, na iliyonywewa muda wa saa 24 kabla ilikuwa bado na karibu robo. Ukuta wa utumbo unahitaji siku 2 hadi 3 kurudisha vimeng'enya vyake. Anayekunywa glasi kila siku hampi mlinzi nafasi ya kurudi.

Kwa nini vidonge havifanani

Kama mlango ni mmoja, kwa nini dawa nyingine haziguswi? Jibu liko katika kiasi kinachopotea njiani siku za kawaida.

Amlodipini, kidonge cha tansio kinachotumika sana, haipotei kwa wingi. Katika kila sehemu 100 zinazomezwa, zaidi ya 60 hufika katika damu hata mlinzi akiwa kazini. Mlango ukifunguliwa wote, hakuna kingi cha kuongezeka. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi pampelemusi halibadilishi amlodipini kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Felodipini iko upande mwingine. Katika sehemu 100, takriban 15 tu ndizo hufika. Simvastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli, hupotea zaidi: hazifiki hata 5. Dawa ya aina hiyo ina nafasi kubwa ya kupanda pale mlinzi anapoondoka, kwa sababu sehemu zilizokuwa zinakatwa sasa zinapita.

Nifedipini inakaa katikati. Ni dawa ya tansio ya jamii moja na amlodipini, na karibu nusu ya kidonge hufika katika damu. Katika utafiti uleule wa 1991, juisi iliipandisha hadi asilimia 134, yaani ongezeko la theluthi moja. Kwa kijana mwenye afya ongezeko hilo linaweza kupita bila kuonekana. Kwa mzee aliye mwembamba, anayemeza dawa nyingine za tansio pamoja nayo, linaweza kumwangusha anaposimama usiku kwenda msalani.

Zipo pia dawa ambazo hazipiti kwa mlinzi huyu kabisa, kwa hiyo pampelemusi haliwezi kuzipandisha kwa njia hii. Kati ya dawa za tansio ni kaptoprili, enalaprili, atenololi, hidroklorotiazidi na furosemidi. Kati ya dawa za kolesteroli ni pravastatini na rosuvastatini.

Mfano wa mgonjwa mmoja

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 60 anayeishi Shabunda-kati. Huu ni mfano wa kuelezea tu, lakini hesabu zake zinatoka katika tafiti. Daktari wa Bukavu alimwandikia vidonge viwili: amlodipini ya miligramu 5 kwa ajili ya tansio, na rosuvastatini kwa ajili ya kolesteroli. Mzee huyu ana mti wa pampelemusi nyuma ya nyumba, na wakati wa matunda hunywa glasi moja kila asubuhi. Kwa vidonge hivyo viwili hana shida. Hakuna aliyemkataza, na hapakuwa na sababu kubwa ya kumkataza.

Miezi inapita, vidonge vinamalizika, na ndege haijaleta vingine. Farmasi inampa nifedipini badala ya amlodipini, na simvastatini ya miligramu 20 badala ya rosuvastatini. Muuzaji hakukosea kazi ya dawa: moja inashusha tansio, nyingine inapunguza kolesteroli. Mzee anaendelea na glasi yake ya asubuhi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 nchini Finlandi, watu 10 wenye afya walikunywa glasi moja ya mililita 200 ya juisi ya kawaida kila siku kwa siku 3, kisha wakameza simvastatini. Kiasi cha dawa katika damu kilipanda mara 3.6. Kwa mzee wetu, hesabu hiyo inageuza miligramu 20 kuwa kama miligramu 72. Ili kuelewa uzito wa namba hiyo, ni vizuri kukumbuka kwamba mwezi Juni 2011 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa liliweka mipaka mikali kwa kipimo cha miligramu 80 cha simvastatini, kwa sababu kilikuwa kinaharibu misuli ya wagonjwa zaidi ya vipimo vidogo. Mzee hajawahi kuandikiwa kipimo kinachokaribia hicho, lakini damu yake imekaribia.

Siku za kwanza anaweza hata kufurahi. Nifedipini ikipanda kwa theluthi, tansio inashuka vizuri kuliko mwanzo, na rahisi ni kusema kwamba pampelemusi ndilo limemponya. Hapa ndipo penye mtego. Tunda halikutibu tansio kwa njia hiyo. Limemwongezea kipimo cha dawa. Msimu wa matunda ukiisha, mlinzi anarudi ndani ya siku tatu, kipimo kinashuka, na tansio inapanda tena wakati mzee anaamini amepona, au tayari ameacha vidonge.

Dalili za kuangalia

Shabunda haihitaji maabara ya kupima kiasi cha dawa katika damu ili kushuku jambo hili. Dalili zenyewe huongea, na kila kundi la dawa lina dalili zake.

Dawa ya jamii ya nifedipini au felodipini ikizidi, mishipa hulegea kupita kiasi. Kichwa kinauma, uso unakuwa wa moto, moyo unapiga mbio, vifundo vya miguu vinavimba, na mtu anaona kizunguzungu akisimama ghafla. Kipimo cha tansio kinachofanywa akiwa ameketi na kingine baada ya kusimama dakika chache kinaweza kuonyesha wazi kwamba inashuka sana.

Simvastatini ikizidi, shida huanza kwenye misuli. Mapaja, mabega na mgongo vinauma au vinachoka pasipo kazi nzito. Katika nchi ya watu wanaobeba mizigo na kwenda shambani kwa miguu, maumivu hayo ni rahisi kuyahesabu kama uchovu wa kawaida. Tofauti ni kwamba haya huja pande zote mbili za mwili, hayaondoki kwa kupumzika, na yalianza baada ya dawa kubadilishwa au baada ya juisi kuanza. Mkojo ukigeuka kuwa wa rangi ya chai nyeusi, misuli inavunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo. Hiyo ni dharura. Mgonjwa anapaswa kusimamisha simvastatini siku hiyohiyo na kupelekwa hospitalini, kwa sababu figo zinaweza kufa.

Dawa nyingine inayohitaji uangalifu ni amiodaroni, inayopewa wenye mapigo ya moyo yasiyo sawa. Nayo hupanda kwa juisi ya pampelemusi, na kwa sababu kipimo chake kina mpaka mwembamba kati ya kuponya na kudhuru, anayeitumia hushauriwa kuacha tunda hilo kabisa.

Tunda gani, na kiasi gani

Neno pampelemusi lenyewe linahitaji maelezo. Watu hulitumia kwa tunda la kawaida lenye ukubwa wa ngumi mbili, na pia kwa lile kubwa sana lenye ganda nene. Kwa habari hii, yote mawili yana furanokumarini. Machungwa machungu na ndimu navyo vina vitu hivyo. Machungwa matamu na mandarini havina kiasi cha kuleta shida, kwa hiyo anayependa juisi ya asubuhi hajakosa cha kunywa.

Sio juisi tu inayohusika. Kula tunda zima kunatosha kufanya kazi ileile, na kuchemsha juisi au kuitia sukari si njia ya kuifanya iwe salama. Kiasi nacho kina maana. Atorvastatini, dawa nyingine ya kolesteroli, hupanda kidogo tu kwa glasi moja kwa siku, na maelezo ya dawa hiyo huonya hasa kwa mtu anayekunywa zaidi ya lita 1.2 kwa siku. Kwa simvastatini ushauri ni mkali zaidi: kuacha pampelemusi wakati wote wa matibabu.

Yupo anayeweza kujiuliza kama tunda hili haliwezi kuwa msaada mahali dawa ni ghali: kumeza nusu ya kidonge na kunywa glasi ya juisi. Wale watu 6 wa mwaka 1991 ndio jibu. Kati ya asilimia 164 na 469 kuna umbali mkubwa, na hakuna anayejua yeye ni yupi. Tunda moja halina nguvu sawa na jingine, hata la mti uleule. Nusu kidonge kinaweza kuwa pungufu leo na kupita kiasi kesho.

Swali la kuuliza kwenye farmasi

Kwa mgonjwa wa Shabunda, wakati wa kuwa macho ni ule ambao kidonge kinabadilishwa. Jina kubwa kwenye boksi mara nyingi ni la kampuni na halisaidii sana. Chini yake, au nyuma ya plaketi, kuna jina la dawa yenyewe, na hilo ndilo la kusoma au kuomba usomewe. Likiwa ni simvastatini, felodipini, nifedipini au amiodaroni, pampelemusi linawekwa pembeni, na wale waliokuwa wanalila wasubiri siku 3 kabla ya kuanza kidonge kipya ikiwa hali yao inaruhusu kusubiri. Mganga ndiye wa kusema kama inaruhusu. Likiwa ni amlodipini, kaptoprili au rosuvastatini, tunda linaweza kubaki mezani.

Kuacha kidonge ili kubaki na tunda ni hatari kuliko vyote, kwa kuwa tansio isiyotibiwa hupasua mishipa ya kichwa bila kutoa taarifa. Na mgonjwa ambaye amekuwa akinywa juisi kwa muda mrefu huku tansio yake ikiwa imetulia asiiache kimyakimya. Aende apimwe tena baada ya siku chache bila juisi, kwa sababu kipimo kilichokuwa kinamtosha huenda kilikuwa kinasaidiwa na mlango uliobaki wazi.

Kwa wauguzi wa vituo vya afya, maswali mawili yanatosha pale mgonjwa anapokuja na miguu iliyovimba au misuli inayouma: dawa yako ilibadilishwa lini, na unakunywa juisi gani asubuhi?